Selfi ya India, bango lisilosomeka na msanii wetu wa taarabu

Wadau, leo sitaji jina, na mkibahatisha sitajibu. Ni msanii wa taarabu, mama wa makamo, na kama umewahi kwenda kwenye shughuli yoyote ya uswahilini basi umeshamcheza. Yeye mwenyewe kaniruhusu niandike kwa sharti hilo moja tu, hivyo humu ndani ataitwa Bi Mkubwa na tutaishia hapo.

Mwaka 2019 Bi Mkubwa alikwenda India kwa ajili ya uvimbe kwenye titi. Aliyempeleka ni kaka yake, ndiye aliyeshika pasi, pesa na mafaili. Walitua Mumbai, wakaenda Hyderabad, halafu kaka akasikia kuna daktari mzuri mji mwingine, wakapanda treni ya usiku. Zaidi ya hapo Bi Mkubwa hana kumbukumbu. Alikuwa na maumivu na dawa za kumlaza, anachokumbuka ni kitanda cha treni na chai ya maziwa iliyojaa sukari. Muhuri kwenye pasi unaonyesha Mumbai tu, kuingia na kutoka. Kaka akafariki 2021, simu yake ikafa, mafaili hayakuonekana.

Sasa uvimbe umerudi. Daktari wake wa Dar akataka ripoti ya kile kinyama kilichokatwa India kupimwa, maana ripoti ile ndiyo inayosema kama uvimbe wa mwanzo ulikuwa unalishwa na homoni au la, na dawa zinafuata hapo. Kinyama kipya kinaweza kukatwa, na kilikatwa kweli, lakini daktari alitaka aweke ya zamani na ya sasa pamoja aone kama ni ugonjwa uleule au mwingine. Kilichobaki cha safari ile ni picha moja tu: selfi ambayo kaka alimtumia dada yao wa Tanga kwa WhatsApp. Bi Mkubwa akiiona anasema bila kusita, "Hapa ndipo waliponikata." Hapo ni wapi? Hajui. Nyuma yao kuna bango, na bango lina maandishi ya Kihindi. Ndivyo wote walivyosema, ya Kihindi.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Kazi yangu ni kuchora mabango ya shoo na kadi za harusi, na kwa miaka mingi nimewachorea Wahindi wa Upanga kadi zao, kwa hiyo fonti za kule nazijua kwa sura ingawa kuzisoma siwezi. Binti wa yule dada wa Tanga akanitumia kipande cha picha, bango tupu. Alikuwa amekikata makusudi. Mama yake mdogo ni mtu maarufu na ni mgonjwa, picha yake ikizunguka kwenye magrupu kesho iko kwenye kurasa za umbea. Nilimwelewa kabisa. Shida ni kwamba kipande hicho kilikuwa kimeshapita magrupu matatu kabla ya kunifikia na kila grupu lilikuwa na jibu lake. Mmoja kasema Kithai, mwingine Kiburma, mwingine akaapa ni Kisinhala cha Sri Lanka. Programu ya kutafsiri kwenye simu yenyewe ilirudi mikono mitupu.

Niseme kitu hapa maana ndicho kinachowapoteza wengi. Kihindi ni lugha moja tu kati ya nyingi za kule, na watu wa kusini mwa India si lugha yao ya nyumbani. Majimbo mengi yana lugha yake, na kusini kila lugha kubwa ina mwandiko wake pia. Kwa hiyo ukiwa na picha usianze kuuliza "hii ni lugha gani?" Anza na mwandiko. Mwandiko unaweza kuujua kwa macho hata kama hujui neno moja, lakini lugha haionekani kwa macho peke yake. Mwandiko wa Kihindi, kwa mfano, ndio huohuo unaoandikia Kimarathi cha Mumbai na Kinepali cha Nepal. Ukiutambua bado hujajua uko mji gani.

Kwa sura, miandiko ya India naigawa hivi. Kuna ile ambayo herufi zake zinaning'inia kwenye mstari wa juu, kama nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Hiyo ni ya kaskazini: Kihindi, Kimarathi, Kibengali, Kipunjabi. Kigujarati ni nguo zilezile kwa mbali lakini kamba imetolewa, na wakazi wa mjini Dar na Zanzibar wengine wameshaiona kwenye majengo ya zamani. Ukishuka kusini kamba inakwisha kabisa. Kitamili kina pembe na miguu iliyonyooka. Kimalayalam ni vitanzi vitupu, kama uzi uliovurugika. Halafu kuna ndugu wawili, Kitelugu na Kikannada, wanaofanana kiasi kwamba hata mimi mwenye fonti zao kwenye kompyuta hulazimika kusogeza uso karibu. Herufi zao ni za mviringo, na nyingi zimevaa kofia ndogo juu ya kichwa.

Bango letu lilikuwa na mviringo na lilikuwa na kofia. Nikampelekea mzee mmoja wa Kigujarati mwenye duka la vitambaa, mteja wangu wa siku nyingi. Akaangalia, akavua miwani, akasema, "Hii si yetu, na si Kihindi. Ni ya kusini huko, mimi siijui." Binti wa Tanga alipomsikia alikata tamaa kabisa, eti hata Mhindi kashindwa. Mimi nikaona mzee katupa nusu ya jibu, maana kwa sentensi moja kaiondoa Mumbai, kaiondoa Delhi na kaskazini yote.

Ikabaki kulinganisha, na kifaa cha kulinganishia Bi Mkubwa alikuwa nacho kwenye pochi miaka yote hiyo: noti ya rupia 10. Kama unayo noti ya India nyumbani igeuze nyuma. Pembeni kuna kijisanduku kirefu chenye mistari 15, na kila mstari unataja thamani ya noti kwa lugha moja. Kihindi na Kiingereza havimo kwenye kijisanduku kwa sababu viko upande wa mbele kwa maandishi makubwa. Mistari imepangwa kwa alfabeti ya majina ya lugha kwa Kiingereza, ndiyo maana Kikannada ni mstari wa 4, Kitamili wa 13 na Kitelugu wa 14. Yaani benki kuu ya India imekutengenezea chati ya miandiko na kuitia mfukoni mwako.

Nilimwambia Bi Mkubwa aipige picha noti kwa karibu, mchana, karibu na dirisha. Nikaikuza kwenye kompyuta, nikaiweka kando ya kile kipande cha bango. Ajabu ni kwamba bango halikulingana na mstari hata mmoja. Miili ya herufi ilikuwa inakaribiana na mstari wa 4 na wa 14, lakini kila kitu kilikuwa kimekaa vibaya. Kwenye noti tumbo la herufi likifunguka linafungukia upande huu, kwenye bango limefungukia upande wa pili. Mikunjo ya kofia nayo vilevile. Nilijaribu hata kufikiria kwamba mchoraji wa bango alikuwa na mkono wa ajabu. Mchoraji wa mabango anaweza kunenepesha herufi, anaweza kuizungushia kivuli, lakini kuielekeza kinyume haiwezekani, kwa sababu watu wa pale hawataisoma.

Nikampigia binti wa Tanga. "Mwanangu, nitumie picha nzima. Sitaionyesha kwa mtu."

Akasita, akanitumia. Na jibu lilikuwa limekaa mabegani kwa Bi Mkubwa. Alikuwa amejitanda kanga, na upande wa jina la kanga ulikuwa umejikunja kifuani, zinaonekana herufi chache tu: AMAM. Ukiangalia haraka unasoma MAMA na unapita. Herufi M na A zikigeuzwa kwenye kioo hazibadiliki sura, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Lakini kushoto kwake ilichungulia herufi N, na N ile ilikuwa imegeuka, mshazari wake unapanda badala ya kushuka. Maneno yalikuwa MAMA N-kitu, yakitoka kulia kwenda kushoto.

Kumbe selfi ilikuwa ya kioo. Kamera ya mbele ya simu nyingi hukuonyesha ulivyo kwenye kioo wakati unajipiga, ili usichanganyikiwe ukisogeza mkono. Simu nyingine zikihifadhi picha zinaigeuza irudi sawa, nyingine zinaihifadhi vilevile ya kioo, na nyingine zina swichi ya kuchagua kwenye mipangilio. Simu ya marehemu ilikuwa ya aina ile inayohifadhi kioo. Na kile kipande cha bango kilipokatwa kulinda siri ya Bi Mkubwa, kilikatwa pamoja na ushahidi pekee kwamba picha imegeuka. Waliosema Kithai na Kiburma nawatetea, walikuwa wanaangalia mwandiko ambao duniani haupo.

Ukiwa na picha ya namna hii, kabla hujaanza kuhangaika na herufi usizozijua tafuta kitu unachokijua. Namba ya gari, saa ya ukutani, maandishi ya fulana, chupa ya maji. Vifungo vya shati pia, shati la kiume kawaida hufungia kulia. Tafuta herufi ambazo kioo kinazibadilisha, kama N, S, R, K, au namba kama 2 na 7. Herufi A, H, I, M, O, T, U na Y hazikusaidii hata zikijaa picha nzima.

Nikaigeuza picha, ni kubonyeza mara moja tu, halafu nikapunguza mwanga wa nyuma na kuongeza utofauti wa rangi mpaka rangi nyekundu ya herufi ikajitenga na njano ya bango. Sasa nikarudi kwenye noti, na mara hii ilikuwa ni ndugu wale wawili tu. Kilichobaki ni kofia.

Kofia ya Kitelugu ni tiki, ileile ambayo mwalimu anakuwekea kwenye daftari ukipata. Kofia ya Kikannada ni mstari uliolala, bapa, wenye mkunjo mwishoni upande wa kulia. Angalia herufi ya sauti "ka": Kitelugu ni క, Kikannada ni ಕ. Au "ra": ర na ರ. Mwili ni uleule, wamebadilishana kofia tu. Kwenye noti utaiona kwenye neno la rupia, maana lugha zote mbili linaanza na "ru".

Lakini si kila herufi inavaa kofia, na hapa ndipo mtu anaweza kujidanganya vizuri kabisa. Upande wa kulia wa bango kulikuwa na neno fupi ambalo baadaye tuliambiwa ni "lab", yaani maabara, limeandikwa kwa sauti ya Kiingereza. Herufi zake kubwa ni "la" na "ba", na hizo kwa Kitelugu na kwa Kikannada zinatembea kichwa wazi. Ukizilinganisha hizo peke yake, ల na ಲ, utakesha. Tena kofia huondoka au hubadilika herufi inapobeba alama ya irabu nyingine juu yake. Kwa hiyo inabidi utafute herufi iliyo peke yake, haina kitu kichwani zaidi ya kofia yake yenyewe, na ikiwezekana uipate zaidi ya moja.

Sisi tulipata moja iliyo safi. Ilikuwa ya kwanza kwenye neno refu la katikati, kabla kichwa cha Bi Mkubwa hakijaziba. Kitelugu ingekuwa డ, Kikannada ingekuwa ಡ. Niliikuza mpaka ikawa vijiwe vya rangi tupu, na juu yake palikuwa na mstari uliolala. Hakukuwa na tiki. Kikannada, basi. Na Kikannada ni lugha ya jimbo la Karnataka, ambalo mji wake mkuu ni Bengaluru, ule wengi bado tunauita Bangalore. Treni ya usiku kutoka Hyderabad inafika huko asubuhi.

Ila herufi moja ni ushahidi mwembamba, na mtu anaweza kufungua duka mji wowote akaliandika kwa lugha ya kwao. Nikazunguka kwenye picha nzima nikitafuta kitu kingine. Kwenye kona, nusu nje ya fremu, ilikuwepo bajaji. Ndiyo, bajaji kama zetu, na jina tumelichukua kwenye kampuni yao hukohuko. Kibao chake cha namba kilianza na KA. Namba za magari India zinaanza na herufi mbili za jimbo: KA ni Karnataka, TN ni Tamil Nadu, MH ni Maharashtra yenye Mumbai. Hyderabad mwaka ule zingekuwa TS, au AP kwa vyombo vya zamani kabla jimbo la Telangana halijajitenga mwaka 2014. Gari dogo linaweza kutoka jimbo jingine, lori ndiyo kabisa, lakini bajaji ya abiria haiendi safari ya usiku mzima. Kofia na kibao vikasema kitu kimoja.

Kusoma sasa. Kuna kijana wa Kitanzania aliyesoma chuo Bengaluru miaka minne, wako wengi waliosoma kule. Nilimtumia bango tupu, safari hii likiwa limegeuzwa sawa. Akanijibu kwa sauti, anasoma taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza: "Da... ya... gno... stik." Akacheka. "Hicho ni Kiingereza, bro. Wanaandika Kiingereza kwa herufi zao." Ndivyo mabango mengi ya kule yalivyo. Ungelitafuta neno lile kwenye kamusi ya Kikannada usingelipata, ni la kutamkwa kwa sauti mpaka sikio lilitambue, kama mgeni anavyoweza kuhangaika na neno letu "hospitali" mpaka alitamke. Neno la mbele yake lilikuwa jina la kituo chenyewe, akalisoma pia, silitaji.

Jina pamoja na mji vikatoa vituo zaidi ya kimoja, maana wana matawi. Hapo mwandiko ukawa umefika mwisho wa uwezo wake. Picha ya WhatsApp nayo haina taarifa za mahali ilipopigwa, zile zinafutwa inapotumwa. Lakini kwenye simu za Android jina la faili hubaki na tarehe, na yule dada wa Tanga kwa bahati hajawahi kufuta kitu kwenye simu yake. Faili liliitwa hivi:

```
IMG-20190612-WA0014.jpg
```

Tarehe 12 mwezi wa 6, 2019, ni siku picha ilipoingia kwa WhatsApp, si lazima iwe siku ilipopigwa. Tukawaandikia kituo kwa Kiingereza, tukawapa jina lake lilivyo kwenye pasi, umri, nakala ya pasi, na tukawaomba watazame siku tano kabla na siku tano baada ya tarehe hiyo kwenye matawi yote. Kijana wa Bengaluru alishauri tuandike jina kwa tahajia tatu tofauti, maana karani wa mapokezi huandika anavyosikia. Ushauri wa maana sana huo. Alikuwa ameandikwa kwa tahajia ya tatu, tarehe 11.

Walijibu baada ya siku tisa. Kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye nta hawakuwa nacho tena, lakini ripoti ilikuwemo kwenye kompyuta yao, kurasa mbili, na sehemu ya homoni imejazwa. Binti wa Tanga aliichapisha hapo stendi kwenye duka la fotokopi, akapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi kuja nayo Dar, ingawa nilimwambia barua pepe ingetosha. Daktari aliiweka mezani kando ya ile mpya, akamwomba Bi Mkubwa akae, akaanza kuzisoma mstari kwa mstari.